Shufaa ya machozi na shufaa ya mpango: ipi umsomee hakimu?

Wanafunzi wangu wawili wa sheria waliandika hotuba mbili za kesi moja, na timu ilikuwa na nafasi ya msemaji mmoja tu. Ilibidi tuchague. Hotuba zote zilimtetea mtu yuleyule, aliyekwisha kutiwa hatiani kwa ulaghai na ambaye hajawahi kuwa na kosa jingine, na zote zilimwomba hakimu ampunguzie adhabu. Mahakama za Tanzania huyaita maombi ya namna hii shufaa. Sisi Kenya hatuna neno moja tulilokubaliana, kwa hiyo hapa nitaliazima hilo la jirani.

Kesi ilikuwa ya kutungwa, kama ilivyo desturi ya mahakama ya mfano, yaani mashindano ambapo wanafunzi huigiza mawakili mbele ya waamuzi, ila sheria yake ni ya kweli. Mshtakiwa ana miaka 27, ni fundi wa pikipiki Nakuru. Aliwaambia wateja wake watatu kwamba ameshawanunulia pikipiki na ziko bohari Mombasa zikisubiri lori, akawaonyesha picha kwenye simu. Mama mboga alimpa shilingi 60,000, mwendesha bodaboda 140,000, mwalimu wa shule ya msingi 110,000. Jumla 310,000. Pikipiki hazikuwapo, na pesa nyingi ziliishia kwenye kamari ya mpira. Alikana mashtaka, kesi ikasikilizwa hadi tamati, akapatikana na hatia kwa makosa matatu chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, yaani kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Alikaa rumande siku 41 kabla ya kuachiliwa kwa dhamana, kisha akakaa nje miezi 14. Katika miezi hiyo amewarejeshea walalamishi 70,000, kwa mafungu ya 5,000 kila mwezi.

Kila kosa kati ya hayo lina kifungo kisichozidi miaka mitatu. Hakuna kiwango cha chini, na hapo ndipo shufaa inapopata pa kusimama: kifungu cha 26 kinamruhusu hakimu kutoa kifungo kifupi zaidi, au faini badala yake.

Hotuba ya kwanza, ambayo timu iliibatiza "ya machozi", ilianza hivi:

"Mheshimiwa Hakimu, mbele yako amesimama kijana, kifungua mimba wa mama mjane. Tangu baba yake afariki, yeye ndiye aliyewalipia karo wadogo zake wawili. Hajawahi kuingia kituo cha polisi, achilia mbali kizimbani. Alighafilika mara moja. Gereza litamfundisha nini asichokwisha kufundishwa na aibu hii?"

Ya pili, "ya mpango", haikuanza na mshtakiwa kabisa:

"Mheshimiwa Hakimu, walalamishi watatu wanadai shilingi 240,000. Naomba nieleze jinsi watakavyolipwa, ni nani atakayehakikisha wanalipwa, na kitakachompata mshtakiwa wasipolipwa. Kisha nitaomba adhabu inayowezesha hayo kutendeka."

Ukizisoma mezani, ya kwanza inakushika moyo na ya pili inasikika kama barua ya benki. Mimi mwenyewe niliipenda ya kwanza. Nilibadili mawazo nilipozijaribu kwa maswali ya hakimu, maana katika mahakama ya mfano alama nyingi hupatikana au hupotea pale unapokatizwa, kuliko kwenye aya uliyoikariri.

Neno "mkosaji wa mara ya kwanza"

Wanafunzi wengi hulitaja neno hili kana kwamba ni cheti: likishatajwa, adhabu inashuka. Ni kweli kwamba kutokuwa na rekodi ya makosa ni jambo linalozingatiwa, na miongozo ya utoaji adhabu ya Idara ya Mahakama, iliyotoka 2016 na kufanyiwa marekebisho 2023, inalitambua. Lakini katika ulaghai neno hilo lina kasoro yake. Mwizi wa barabarani hahitaji kuaminiwa ili akunyang'anye simu. Mlaghai anahitaji. Mama mboga alitoa zile 60,000 kwa sababu fundi alikuwa na jina safi mtaani. Jina hilo ndilo lililokuwa mtaji wa ulaghai.

Hakimu aliyezoea kesi hizi anajua hivyo, na atakuuliza: "Wakili, si unachoniambia ni kwamba watu hawa walitapeliwa kwa sababu mteja wako alionekana mwadilifu?" Msemaji wa hotuba ya machozi alipoulizwa hivyo mazoezini alirudi kwa mama mjane. Aliulizwa tena, akarudi kwa wadogo wanaolipiwa karo. Hakuwa na kwingine pa kwenda, kwa kuwa hotuba yake yote ilikuwa sifa za mtu, na swali lilikuwa limezigeuza sifa hizo kuwa silaha.

Msemaji wa hotuba ya mpango alijibu kwa sentensi nilizoziandika pembeni mwa daftari langu: "Ni kweli, Mheshimiwa. Ndiyo maana siombi aaminiwe. Naomba awekwe chini ya afisa wa probesheni." Jibu hilo linakubali ubaya wa kosa, halafu linaligeuza neno "mara ya kwanza" liwe habari ya kesho badala ya sifa ya jana: mtu asiye na mazoea ya uhalifu, mwenye kazi ya mikono na makazi yanayojulikana, ni mtu ambaye usimamizi wa nje unaweza kumfaa.

Kwa kipengele hiki peke yake ningeichagua ya pili. Ila si kwa kila kosa. Kama kesi ingekuwa ya kupigana baada ya ugomvi wa baa, rekodi safi ingesimama yenyewe, na hotuba ya kwanza isingepata tabu hii.

Majuto ya mtu aliyekana

Hapa hotuba zote mbili zilikuwa na donda moja. Mshtakiwa alikana, akawaacha walalamishi wapande kizimbani na kuhojiwa, kisha baada ya hukumu anasema anajuta. Kiongozi wa mashtaka hataacha kulisema.

Hotuba ya machozi ilisema: "Anajuta kutoka moyoni, Mheshimiwa, na anaomba msamaha." Hakuna anayeweza kulipima hilo. Mbaya zaidi, rasimu yake ya kwanza iliongeza kwamba mshtakiwa "alikusudia kuzileta pikipiki ila mambo yakamwendea kombo". Nilimfanya afute pale pale. Udanganyifu, kwa kifungu cha 312, ni kauli ya uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo, inayotolewa na mtu anayejua kwamba si kweli. Ukisema alikusudia kuzileta, unadai kwamba ilikuwa ahadi ya kesho tu, na hapo umefungua upya kesi iliyokwisha amuliwa. Hakimu amekwisha kuamua kwamba mtu huyu alisema "ziko bohari" huku akijua haziko. Shufaa huanzia kwenye hukumu ilipoishia. Mwenye ubishi na hukumu anakwenda kukata rufaa. Kosa hili nimeliona kwa timu nyingi kuliko jingine lolote, na dalili yake ni neno "kwa hakika" au "ukweli ni kwamba" katikati ya hotuba. Ukijisikia unasema hivyo, jiulize kama hubishani na hukumu.

Hotuba ya mpango haikusema sana kuhusu moyo. Ilisema mshtakiwa alitumia haki yake ya kusikilizwa, kwamba haki hiyo haimwongezei adhabu, na kwamba haombi punguzo la mtu aliyekiri mapema kwa kuwa hakukiri. Kisha ikaonyesha kwamba zile 5,000 za kila mwezi zilianza kulipwa kabla ya hukumu, wakati hakuna aliyemlazimisha. Majuto yaliyoandikwa kwenye stakabadhi hayahitaji sauti ya kutetemeka.

Swali la pesa

Hiki ndicho kipimo kilichokaribia kuiangusha hotuba ya mpango, na ndicho kilichonifundisha zaidi.

Rasimu yake ilisema mshtakiwa atalipa 10,000 kwa mwezi kwa miezi 24, na deni la 240,000 litakwisha. Hesabu safi kabisa. Karatasi ya kesi ilisema anaingiza kama 900 kwa siku, siku 24 kwa mwezi, yaani 21,600, kwa hiyo kwenye karatasi inawezekana. Mwenzangu aliyekuwa anaigiza hakimu akauliza taratibu: "Miezi 14 amekuwa nje kwa dhamana. Kama angelipa 10,000, leo angekuwa amelipa 140,000. Amelipa 70,000. Kwa nini niamini kwamba kesho ataweza mara mbili ya alichoweza jana?"

Kimya. Msemaji alipekua karatasi, akasema mshtakiwa atajitahidi. "Atajitahidi" ni neno la hotuba ya machozi, na likiingia katika hotuba ya mpango linaibomoa, kwa sababu mpango wote umejengwa juu ya kutoomba imani.

Tulirudi kwenye karatasi ya kesi. Ilikuwa imetaja kwamba mshtakiwa ana pikipiki yake mwenyewe na kwamba mjomba wake yuko tayari kuinunua kwa 60,000. Hakuna kati yetu aliyeitilia maanani. Mpango mpya ukawa hivi: pikipiki iuzwe na 60,000 ziwekwe mahakamani kabla ya siku ya adhabu. Linabaki deni la 180,000. Kwa 5,000 kwa mwezi, kiasi ambacho amekwisha kuonyesha kwamba anakiweza kwa miezi 14 mfululizo, litakwisha kwa miezi 36. Na miaka mitatu ndio muda mrefu kabisa ambao Sheria ya Uangalizi wa Wahalifu, Sura ya 64, inaruhusu kwa amri ya probesheni; mfupi kabisa ni miezi sita.

Mpango huu una udhaifu wake, na ni afadhali uutaje wewe kabla hujaulizwa: mama mboga atasubiri miaka mitatu. Tuliupunguza kwa kuomba zile 60,000 za kwanza zimwendee yeye na wenzake kulingana na kiasi anachodai kila mmoja, na kwamba kiasi cha kila mwezi kinaweza kuongezwa afisa akiona mapato yameongezeka. Hauishi kabisa. Lakini hakimu akiuliza "kwa nini 5,000?" sasa kuna jibu lenye ushahidi nyuma yake.

Zingatia kwamba kila tarakimu hapo ilitoka kwenye karatasi ya kesi. Katika mahakama ya mfano huruhusiwi kubuni mjomba. Kama karatasi haikutaja mapato wala mali ya mshtakiwa, hotuba ya mpango haina miguu, na ukiilazimisha utajikuta unatunga ushahidi mbele ya waamuzi. Katika hali hiyo ningemshauri mtu achukue hotuba ya kwanza na kuifanya fupi.

Unaomba nini hasa?

Hotuba ya machozi ilimalizia kwa "adhabu nyepesi kadiri Mahakama itakavyoona inafaa". Nimesikia mawakili halisi wakimalizia hivyo mahakamani, na si kosa. Ila mahakama ya mfano inapima kama unajua unachoomba. Hakimu akisema, "Nyepesi ipi, Wakili?", utalazimika kuchagua papo hapo kati ya milango minne au mitano.

Kuachiliwa kwa masharti chini ya kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kunawavutia wanafunzi kwa sababu ndiko kwepesi zaidi, lakini masharti yake hayazidi miezi 12, na hakimu ni lazima aone kwamba haifai kumpa adhabu. Kwa walalamishi watatu na pesa zilizochezwa kamari, ni kuomba mbingu. Faini nayo ina mtego: inakwenda serikalini. Shilingi 100,000 za faini ni shilingi 100,000 ambazo mama mboga hatazipata, na mshtakiwa akishindwa kulipa faini inayozidi 50,000, kifungu cha 28 kinamweka ndani hadi miezi 12. Huduma kwa jamii chini ya sheria ya 1998 inawezekana hapa, maana kosa halizidi miaka mitatu, lakini saa za kazi bila malipo zinamla muda wa kutafuta zile 5,000.

Hotuba ya mpango iliomba probesheni ya miaka mitatu pamoja na amri ya fidia chini ya kifungu cha 31 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoruhusu fidia iwe nyongeza ya adhabu au mbadala wake. Iliomba pia ripoti ya afisa wa probesheni iitishwe kwanza, na ikamweleza hakimu kwamba mshtakiwa ameshaelezwa masharti na ameyakubali. Hili la mwisho ni dogo lakini lina uzito: amri ya probesheni haitolewi kwa mtu ambaye hajaeleza kwamba yuko tayari kuitii.

Kisha ikawa na ombi la pili, kwa hakimu akiona kwamba ni lazima afungwe. Hotuba ya machozi haikuwa nalo, na sidhani ingeweza kuwa nalo: huwezi kulia kwamba gereza litamwangamiza kisha ukaanza kujadili miezi. Ombi la pili lilikuwa na mambo mawili. Kwanza, siku 41 za rumande zihesabiwe, kama kifungu cha 333(2) cha Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinavyotaka. Pili, vifungo vitumikiwe kwa pamoja.

Hilo la pili lilikuwa limesahauliwa katika rasimu zote mbili, na lilinitisha. Kwa kifungu cha 14 cha Kanuni hiyo, vifungo vya makosa yaliyoamuliwa katika kesi moja hufuatana, kimoja kikiisha kingine kinaanza, mpaka hakimu aseme vinginevyo. Makosa matatu ya mwaka mmoja mmoja ni miaka mitatu usipofungua mdomo, na ni mwaka mmoja ukiomba na kukubaliwa. Hoja ya kuomba ipo: ni uongo uleule, kwa mbinu ileile, ndani ya kipindi kimoja. Kiongozi wa mashtaka atajibu kwamba ni watu watatu tofauti kwa siku tatu tofauti, na ana hoja. Lakini usipoomba, hakuna cha kujibizana.

Neno moja kuhusu kunukuu kesi, kwa kuwa hotuba zote zilipamba kurasa zake kwa uamuzi wa Muruatetu. Ni kweli kwamba Mahakama ya Juu, Desemba 2017, ilisema kumsikiliza mtu kabla ya kumpa adhabu ni sehemu ya kesi ya haki, na ikataja mambo ya kuzingatiwa, kama umri, kuwa mkosaji wa mara ya kwanza, na majuto. Lakini Julai 2021 mahakama hiyohiyo ilifafanua kwamba uamuzi ule ulihusu adhabu ya lazima ya kifo kwa mauaji. Itaje kwa sentensi moja kama msingi, kisha endelea. Ukiisimamishia hoja yako yote juu ya kesi ya mauaji, utaulizwa inamhusu vipi fundi wa pikipiki.

Tuliyoichagua

Tulimpeleka msemaji wa mpango. Sikuacha hotuba ya machozi yote, hata hivyo. Dakika zilikuwa kumi, na mpango ulichukua saba. Tulimkopesha dakika mbili za mama mjane na wadogo wawili, tukaziweka baada ya hesabu, si kabla. Zikiwa mwanzoni zilisikika kama kisingizio. Zikiwa baada ya 180,000 na miezi 36, zilikuwa sababu ya hakimu kuamini kwamba mtu huyu hatatoroka Nakuru: ana watu wanaomtegemea hapo hapo.

Kuna kesi ambazo ningefanya kinyume. Kama karatasi ingesema mshtakiwa ni mgonjwa, au ni mama anayenyonyesha, au kwamba pesa zote zimekwisha kurejeshwa, hadithi ya mtu ingetangulia na mpango ungekuwa sentensi tatu za mwisho. Vivyo hivyo kama msemaji wenu si mwepesi wa tarakimu. Nimemwona kijana hodari akitaja 180,000 mara moja na 130,000 mara ya pili katika hotuba ileile, na tangu hapo waamuzi hawakusikiliza kitu kingine. Mwenye ulimi wa hesabu dhaifu na aisome ya machozi, aikate nusu, afute kila "ukweli ni kwamba", na akariri ombi lake la pili.

Siku yenyewe swali la kwanza lilikuja kabla ya dakika ya pili kwisha. Jaji aliuliza pesa zilikwenda wapi. Msemaji akajibu, "Kwenye kamari, Mheshimiwa," akanyamaza, kisha akaomba sharti la probesheni kwamba mshtakiwa ahudhurie ushauri nasaha wa kuacha kamari na amwonyeshe afisa wake taarifa ya miamala ya simu kila mwezi. Jaji aliandika kitu, akamwambia aendelee.